Majibu kwa Mhakiki wa Pili: makala namba 24-017, "Nazali ya ngeli ya 9/10 na mpumuo katika Kimvita"

Mombasa, 14 Agosti 2024

Ndugu Mhariri,

Nashukuru kwa kunipelekea maoni ya wahakiki wote wawili. Ya Mhakiki wa Kwanza nimeyatekeleza yote. Mabadiliko yake yameonyeshwa kwa rangi kwenye nakala niliyoambatisha, na sina la kuongeza. Barua hii inahusu hoja moja ya Mhakiki wa Pili, aliyoiita sharti la kuchapishwa: kwamba uchambuzi wa kanuni zilizopangwa uondolewe na mahali pake uwekwe uchambuzi wa Nadharia ya Umboupeo. Naomba kutofanya hivyo. Sababu zangu zinatoka kwenye data.

Kwanza niiweke hoja ya mhakiki kwa nguvu zake zote, kwa sababu ni hoja nzuri. Anasema kanuni zangu mbili, ile ya kutia mpumuo baada ya nazali na ile ya kudondosha nazali mbele ya sauti sighuna, zinaeleza kinachotokea bila kueleza kwa nini. Lugha nyingi huikwepa nazali inayofuatwa na konsonanti sighuna, na tangu Pater alipolichambua jambo hilo mwaka 1999 kuna sharti linalojulikana la kulieleza, *NC̥. Kwa maoni yake, katika Kimvita nazali na kipasuo huungana kuwa sauti moja, na mpumuo ndio alama ya nazali iliyomezwa. Hivyo hatua mbili zinakuwa moja, na suala la kanuni ipi itangulie linakwisha.

Kwa data iliyomo kwenye jedwali la kwanza pekee, ningekubaliana naye. Kivumishi -pana kinaonyesha vizuri: "mto mpana" katika ngeli ya 3, lakini "njia [pʰana]" katika ngeli ya 9. Vivyo hivyo upepo na [pʰepo], ukuta na [kʰuta], ukucha na [kʰucha]. Nazali haisikiki, mpumuo unasikika. Muungano unatosha.

Shida inaanza kwenye mashina ya silabi moja. Humo nazali haidondoki, kwa sababu ndiyo inayobeba mkazo: nta, nchi (Kimvita nti), na mpya katika "nyumba mpya". Wasemaji wangu wa Mji wa Kale hutamka [n̩tʰa], na katika "nyumba mpya" hutamka [m̩pʰya]. Nazali ipo na mpumuo upo, vyote viwili kwa pamoja. Ikiwa mpumuo ni mabaki ya nazali iliyomezwa, nazali hii isiyomezwa imeachaje mabaki? Mhakiki hakuyagusa maneno haya, ingawa yamo kwenye sehemu ya 4 ya makala. Kwangu ndiyo yanayoamua. Yanaonyesha kwamba nazali hutia mpumuo kwanza, ikiwa bado nzima, na kudondoka ni jambo la pili linalotokea mahali fulani na kukosa mahali pengine. Kanuni ya mpumuo ikitangulia, na ya udondoshaji ikafuata, [pʰana] na [m̩pʰya] zinatoka kwenye chanzo kimoja:

/N+pana/ → mpʰana → [pʰana]
/N+pya/ → mpʰya → [m̩pʰya]

Linganisha na "mti mpya", ambapo kipasuo hakina mpumuo. M ya hapo inatokana na mu-, kama inavyojionyesha mbele ya irabu katika mwezi na mwembe. Wakati kanuni ya mpumuo inapofanya kazi, u bado imesimama kati ya nazali na p, kwa hiyo p haiguswi. U ikishadondoka, kanuni imekwisha kupita. Kwa hiyo "nyumba mpya" na "mti mpya" huandikwa sawa lakini husikika tofauti masikioni mwa Mvita, na mpangilio uleule mmoja unazieleza zote mbili.

Mhakiki anaweza kusema m ya mpana ni silabi kamili, ndiyo maana *NC̥ haiigusi. Nakubali kwamba silabi hiyo inaweza kulindwa kwa sharti la uaminifu kwa umbo la ndani, na hapo Umboupeo hauna tatizo. Lakini nazali ya [m̩pʰya] katika ngeli ya 9 nayo ni silabi, na kipasuo chake kina mpumuo. Usilabi wa nazali peke yake basi hautenganishi chenye mpumuo na kisicho nao. Kinachotenganisha ni irabu isiyosikika katika umbo lolote kati ya hayo mawili.

Kuna pia vikwamizi. Ufunguo huwa funguo na ufagio huwa fagio: nazali inaondoka na haiachi kitu. Kwa muungano, mhakiki atalazimika kusema kwamba nazali imemezwa bila alama katika funguo na kwa alama katika [pʰepo], kisha atafute sharti la kutenganisha hayo. Kwangu udondoshaji ni uleule. Tofauti ni kwamba kanuni ya mpumuo inahusu vipasuo tu.

Najua Umboupeo wa leo si ule wa Prince na Smolensky wa 1993. Kuna matoleo ya ngazi ngazi na matoleo ya matabaka yanayoweza kubeba data hii. Ila yanaibeba kwa kurudisha hatua za kati, na hatua za kati ndizo mhakiki alizotaka niziondoe. Kama tutazihitaji hata hivyo, naona heri kuzionyesha waziwazi kwa maandishi ambayo mwalimu wa Kiswahili aliyesoma kanuni za fonolojia chuoni atayafuata bila kamusi ya nadharia.

Mahali pamoja namwachia mhakiki uwanja. Swali la kwa nini nazali hubaki kwenye mashina ya silabi moja linajibiwa vizuri zaidi na sharti la neno kuwa na silabi mbili au zaidi kuliko na kanuni yangu, ambayo inabidi ihesabu silabi. Nimeongeza aya katika sehemu ya 4 inayosema hivyo, na inayoonyesha kwamba sharti hilo laweza kuzuia kanuni bila kuzifuta kanuni nyingine.

Kuhusu wasiwasi wake kwamba mpumuo ni sehemu ya msamiati tu, kwa kuwa paa la nyumba na [pʰaa] wa porini hutofautishwa nao: kwa nomino kama hizo huenda ni kweli, nami sizitumii kama ushahidi. Nategemea mabadiliko yanayoonekana kwenye shina moja, -pana, -pya, upepo, ukuta. Sentensi moja ya utangulizi sasa inasema hivyo ili msomaji asipotee.

Maombi yake mengine madogo nimeyatimiza: alama za nazali ya silabi zimesawazishwa, na jedwali la tatu limepanuliwa kuonyesha mbili (kutoka -wili) na ndefu (kutoka -refu).

Ikiwa bado mtaona suala la nadharia ni kikwazo, naomba makala isomwe na mhakiki wa tatu anayekifahamu Kimvita kwa masikio yake, apelekewe barua hii pamoja na rekodi za "nyumba mpya" na "mti mpya" nilizoambatisha.

Wako katika kazi,
Mwandishi wa makala 24-017