Orodha ya Kukagua Rasimu ya Kumbukumbu Kabla ya Kusambazwa

Mkutano: wa kawaida wa chama chetu, Jumamosi 18 Aprili 2026, ukumbi wa shule, Tudor, Mombasa
Kutoka kwa: Katibu
Kwa: Katibu msaidizi
Siku ya kusambaza: Jumamosi 25 Aprili 2026, kabla ya saa kumi jioni

Ndugu yangu, nasafiri kwenda Lamu arusini na rasimu naiacha mkononi mwako. Nimeipitia mara moja na kupiga mstari mwekundu kila nilipotilia shaka. Kuhakikisha ni kazi yako, kwa sababu daftari la mahudhurio, rejista ya wanachama na taarifa ya mweka hazina viko kwako. Usikague kwa kukumbuka. Kila kisanduku utie alama ukiwa na karatasi yenyewe mbele ya macho.

Kwanza, je, kila kitu kimo?

☐ Kichwa kina aina ya mkutano, siku, tarehe, mahali, saa ya kufungua na saa ya kufunga. Saa ya kufunga haimo kwenye rasimu. Itazame kwenye daftari langu la mkono, ukurasa wa mwisho.

☐ Orodha nne za watu ziko mbalimbali: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, na waalikwa. Zihesabu kwa kidole. Waliohudhuria 26, udhuru 7, bila udhuru 8, jumla 41, sawa na rejista. Wale waalikwa wawili hawaingii katika hesabu hii wala katika akidi.

☐ Akidi imetajwa. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama, yaani 21. Iandikwe wazi kwamba ilitimia, maana bila sentensi hiyo mtu anaweza kuyapinga maamuzi yote ya siku ile.

☐ Kumbukumbu za mkutano uliotangulia zilisomwa na kuthibitishwa. Yuko aliyependekeza na yuko aliyeunga mkono, na si mtu mmoja.

☐ Yatokanayo yanafuata mpango wa kumbukumbu zilizopita, na kila ajenda iliyotangazwa ina kifungu chake. Ajenda iliyoahirishwa nayo iandikwe kwamba imeahirishwa, hadi lini.

☐ Kila uamuzi una mwenye kazi na tarehe. Hapa ndipo rasimu ilipolegea zaidi. Kifungu cha viti kinasema "kamati itafuatilia bei." Kamati gani, na hadi lini? Mkutano ulisema kamati ya ununuzi ilete bei kutoka kwa wauzaji watatu kufikia Jumamosi 9 Mei. Liandike hivyo hivyo. Kazi isiyo na jina wala siku hurudi mkutano ujao vilevile ilivyotoka, na tumekwisha kuona viti hivi vikizungumzwa mikutano mitatu.

Majina

Hapa nakuomba utulie, upike chai yako kwanza.

☐ Kila jina lilinganishwe na rejista, na rejista yetu imeandikwa kama kitambulisho kinavyosema. Usifuate vile watu wanavyoitana. Kwetu Pwani jina moja lina sura nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad; Athman, Athuman, Athumani; Fatma na Fatuma; Khadija na Hadija; Abdalla na Abdallah; Saleh na Swaleh. Zote ni sahihi, ila kwa mwenyewe ni moja tu.

Mwaka jana tulipobadilisha watia sahihi wa akaunti, mimi niliandika "Athman" na kitambulisho kina "Athumani." Benki ilizikataa zile kumbukumbu. Ikabidi tuite mkutano mwingine kwa ajili ya herufi mbili tu, na kwa majuma matatu hakuna aliyeweza kutoa pesa, hata za mwanachama aliyefiwa. Tangu siku hiyo sipitishi jina bila rejista kuwa wazi.

☐ Majina ya Kimijikenda yameachiwa herufi zake. Kadzo si Kazo, na Mbodze si Mboze. Anayeondoa hiyo "d" huwa amesikia jina bila ya kuuliza linavyoandikwa.

☐ Simu haikusahihisha kwa niaba yako. Rasimu ilichapwa kwenye simu, na simu hugeuza Sidi kuwa "Side," Kache kuwa "Cache," Ali kuwa "All." Nimeona "All" mahali pawili. Huenda kuna pa tatu.

☐ Wanachama wanaofanana majina wametofautishwa. Tuna wanne wenye jina la kwanza Omar, na wawili kati yao baba zao pia wana jina moja. Hao waandikwe majina matatu pamoja na namba ya uanachama.

☐ Bw., Bi., Mzee, Mwalimu, Ustadh: chagua utaratibu mmoja. Mimi huandika Bw. na Bi. kwa wote, na cheo cha chama pale tu mtu anaposema kwa cheo chake. Ukimwita mmoja Mzee na rika lake ukamwita Bw., utasikia kutoka kwake. Tena hakikisha Bi. hajawa Bw.; wapo wanaume na wanawake wanaotumia jina lilelile.

Siku, tarehe na saa

☐ Siku na tarehe zinakubaliana kwenye kalenda. Rasimu inasema mkutano ujao ni "Jumamosi 17 Mei." Tarehe 17 Mei 2026 ni Jumapili. Nijuavyo mwenyekiti alisema Jumamosi, kwa hiyo ni tarehe 16, lakini mpigie umsikie mwenyewe kabla ya kubadilisha.

☐ Saa zote ni za Kiswahili, pamoja na wakati wake. Kwenye kichwa imeandikwa "saa 9:00 asubuhi," ambayo imetolewa kwenye simu. Tulifungua saa tatu asubuhi. Saa tisa ni alasiri au usiku wa manane. Na ule mwaliko wa ofisi ya ushirika unaosema 14:00 ni saa nane mchana. Andika kwa maneno, usiache tarakimu peke yake.

☐ "Usiku wa Ijumaa" umeondolewa. Kisomo cha marehemu kilitangazwa hivyo, na kila mtu wa Mji wa Kale pale ukumbini alielewa usiku wa kuamkia Ijumaa. Lakini tuna wanachama wa Changamwe na Mikindani waliofahamu Ijumaa yenyewe jioni. Andika: Alhamisi 30 Aprili, baada ya swala ya Isha.

☐ "Baada ya Idi" si tarehe. Idi kubwa inangoja mwezi uandame, na mkopo unangoja siku inayojulikana. Muulize mweka hazina tarehe ya mwisho ya marejesho aliyoiandika kwenye fomu ya mkopo, uitumie hiyo.

Hesabu

☐ Jumla zimejumlishwa upya, kwa kikokotoo, mara mbili.

Salio la mwanzo: 284,650
Michango, wanachama 38 kwa 1,500: 57,000
Marejesho ya mikopo: 42,300
Faini, 6 kwa 200: 1,200
Mkopo uliotolewa: 60,000
Rambirambi: 10,000
Ada ya ukumbi: 3,500

Yaliyoingia ni 100,500, yaliyotoka ni 73,500, na salio la mwisho ni 311,650. Rasimu inasema 316,150. Tofauti ni 4,500, na 4,500 inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Ukiona hivyo, shuku kwanza kwamba tarakimu mbili zilizokaa pamoja zimebadilishana nafasi, na ndivyo ilivyo hapa: 1 na 6. Hata hivyo usirekebishe peke yako. Mwonyeshe mweka hazina, alinganishe na taarifa ya benki, ndipo ubadilishe.

☐ Pesa zote ziko kwa tarakimu. "Elfu tisini na tano" mmoja atasoma 95,000 na mwingine 90,005. Bei ya juu ya viti ni 95,000, yaani viti 100, kila kimoja kisizidi 950. Vivyo hivyo kwa "laki tatu na kitu": kwenye mazungumzo inatosha, kwenye kumbukumbu haitoshi.

☐ Kura zinalingana na watu waliokuwa ukumbini wakati huo. Kwenye viti, rasimu ina 19 waliounga mkono, 4 waliopinga na 3 wasiopiga, jumla 26. Lakini mwanachama mmoja aliaga saa nne na dakika arobaini, kabla ya kura, na mimi mwenyewe nilimwandika kwenye daftari. Wasiopiga kura walikuwa 2. Matokeo hayabadiliki, theluthi mbili imepatikana vyovyote. Lakini wanne waliopinga wana haki ya kuona kura imehesabiwa sawasawa, na kuondoka kwa yule mmoja kuandikwe pamoja na saa yake.

Lugha

☐ Rasimu inaeleza lililosemwa na kuamuliwa, si jinsi watu walivyokuwa. Kifungu cha fedha sasa kinasomeka hivi:

"Mwanachama mmoja alimfokea mweka hazina akidai eti pesa za ukumbi zimeliwa, naye akakiri kwamba ada imepanda."

Kiandikwe hivi:

"Mwanachama aliuliza sababu ya ada ya ukumbi kupanda kutoka shilingi 2,500 hadi 3,500. Mweka hazina alieleza kwamba shule iliongeza ada kuanzia Machi, akaonyesha risiti."

Sauti zilipanda, ni kweli, sote tulikuwepo. Lakini wale wawili walipeana mikono kabla ya dua ya kufunga, na karatasi hii itasomwa na watoto wao.

☐ "Eti" na "ati" hayamo popote. "Alidai" limebaki pale tu mtu alipodai haki au deni. Kwingine linamfanya aonekane mwongo. "Alikiri" ni neno la mwenye kosa. Tumia alisema, aliuliza, alieleza, alipendekeza.

☐ "Kwa sauti moja" imetumika pale tu ambapo hakuna aliyepinga. Kwenye viti iondoe.

☐ Siri za watu zimefichwa. Mkopo wa 60,000 umeandikwa pamoja na ugonjwa wa mtoto wa aliyeomba. Futa sababu, inatosha kusema ombi lilikubaliwa kwa mujibu wa katiba. Majina ya wale watatu ambao hawajachanga yabaki kwa mweka hazina.

Kabla ya kutuma

☐ Neno RASIMU liko juu ya kila ukurasa, na kurasa zina namba.

☐ Sahihi bado. Nafasi ya mwenyekiti na ya katibu ziachwe tupu mpaka kumbukumbu zithibitishwe mkutanoni.

☐ Mwenyekiti amesoma yote na mweka hazina amesoma kifungu cha fedha. Wote wawili wamekujibu kwa maandishi, si kwa simu.

☐ Faili inaitwa `Kumbukumbu_2026-04-18_RASIMU_2.pdf`. Itume kwenye kundi la wasapu ikiwa hivyo, isiyoweza kuhaririwa. Wanachama watano wasio na simu za kufungua faili wachapishiwe. Nakala zao wapelekewe Marikiti asubuhi, kabla biashara haijachanganya.

☐ Ujumbe unaoambatana unasema masahihisho yapelekwe kwako, si kundini, mwisho Jumamosi 9 Mei.

☐ Daftari la mkono na rasimu yenye mistari myekundu usivitupe. Viweke kwenye bahasha, uje navyo tarehe ya mkutano utakayothibitishiwa na mwenyekiti.