Dada, Umelala?

Wazazi wetu wa pande zote mbili, wazee wetu, ndugu, jamaa na marafiki: shikamooni kwa wote ninaopaswa kuwaamkia, na wengine wote habari za jioni. Mshereheshaji, itifaki imezingatiwa na sitairudia, maana umenipa dakika 8 na nimekuona ukitazama saa kabla hata sijashika kipaza sauti.

Mimi ni dada yake bibi harusi. Nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka 6, na akaongeza mingine 4 ya kulala chumbani kwa baba na mama. Kwa hiyo kwa miaka 10 nilikuwa na kitanda changu peke yangu, nikilala usiku na kuamka asubuhi, bila chochote katikati. Kisha jioni moja Mama akaingia chumbani amembeba Neema begani na mto wake mkononi, akasema, "Mdogo wako amekua, mtalala pamoja." Akazima taa, akatoka. Haikupita hata dakika moja nikasikia kisauti gizani:

"Dada, umelala?"

Naomba niwaeleze jinsi swali hilo linavyofanya kazi, maana kuna mtu hapa linamhusu kuanzia leo. Ukijibu "bado", basi umekwisha, maana hilo lilikuwa hodi tu na swali lenyewe liko nyuma yake. Ukinyamaza, linarudiwa, kwa sauti kidogo zaidi kila mara. Ukisema "ndiyo, nimelala", unaulizwa, "Sasa mbona unaongea?" Nimejaribu njia zote, shemeji. Jibu "bado" tu.

Na maswali yenyewe! Dada, samaki wanalala? Dada, kipofu akiota, anaona? Dada, nani alikuwa wa kwanza kupiga chafya, na waliokuwa karibu naye walifikiri nini? Hilo la chafya lilinikosesha usingizi mimi, yeye akiwa tayari anakoroma.

Lile la samaki nililijibu harakaharaka. Nikamwambia samaki hawalali, ndiyo maana macho yao yako wazi muda wote. Miaka mitatu ikapita. Usiku mmoja nikaamshwa kwa kutikiswa bega. "Dada, ulikosea. Nimesoma leo shuleni. Samaki wanalala, ila wengi wao hawana kope za kufumba, basi wanalala macho wazi." Miaka mitatu alikuwa amelishika lile jibu langu, hakuliamini, akasubiri. Neema hasahau swali, na hamwachi mtu aliyemjibu juujuu.

Watu wengi humu wanamjua Neema mchangamfu, Neema wa kucheka hadi anashika ukuta. Mimi naomba niwape Neema mwingine, wa usiku mmoja.

Nilikuwa na miaka 19, yeye 13. Mama alikuwa amelazwa hospitali, Baba amekwenda kukesha naye, tumebaki wawili nyumbani. Tukazima taa. Nikangoja swali. Halikuja. Neema amegeukia ukutani, kimya kabisa, na nikagundua kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kulitaka swali lile kama nilivyolitaka usiku ule. Mwishowe nikaliuliza mimi.

"Neema, umelala?"

"Bado."

Nikakosa la kuongeza. Mimi ndiye mkubwa, nilipaswa kumwambia Mama atapona, na sauti haikutoka. Basi mtoto wa miaka 13 akageuka, akanishika mkono, akasema, "Ngoja nikuulize. Mama akirudi, atatugombeza kuhusu nini kwanza?"

Tukaanza kuorodhesha. Vyombo. Ndoo iliyoachwa bila kifuniko. Mapazia ambayo hatukuyafungua tangu alipoondoka. Viatu mlangoni. Tulifika mpaka kwenye makosa ambayo bado hatujayafanya. Tukacheka, tukalia kidogo, tukacheka tena, kukakucha. Hakunidanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri. Alichofanya ni kumrudisha Mama nyumbani, chumba kwa chumba, anagomba, mzima wa afya.

Siku 9 baadaye Mama akaingia mlangoni, akasimama, akatazama huku na huku, akasema, "Hivi haya mapazia hamyaoni?" Sisi tukarukiana kwa furaha, na yeye, masikini, hakujua kwa nini anakumbatiwa kwa kugomba. Mama, uko hapo mbele leo umependeza, na sasa umejua.

Huyo ndiye mliyempata, wakwe zetu. Siku nyumba yenu itakapoingia giza, huyu hatawahutubia. Atawauliza kitu, na mkija kushtukia, kumekucha.

Sasa nije kwa bwana harusi. Siku Neema aliponipigia simu kusema amempata kijana na jina lake ni Baraka, nilidhani ananiombea dua. Neema na Baraka! Nikamwambia jina zuri halitoshi, mlete tumwone. Akamleta. Tumekaa sebuleni, Baba kanyooka kwenye kiti chake kama hakimu, kila mmoja anapima maneno, na Neema bila kumwonea huruma mgeni wake akamgeukia mbele ya wote: "Baraka, jua likizimika sasa hivi, sisi tutajua baada ya muda gani?"

Swali hilo mimi nalifahamu. Niliulizwa nikiwa na miaka 15, nikajibu, "Tutajua papo hapo, lala." Baadaye akaniletea hesabu: mwanga wa jua unachukua kama dakika 8 kutufikia, kwa hiyo tungeendelea kuanikwa na jua ambalo halipo. Bado ananikumbusha. Basi nikamtazama yule kijana nikasema moyoni, haya, sasa tutaona.

Baraka akafikiri. Akasema, "Sijui. Wewe unadhani ni muda gani?"

Neema akaanza kumweleza kwa mikono yote miwili, yeye akamuuliza jingine juu ya hilo, naye akamjibu, na ndani ya muda mfupi hatukuwemo tena sebuleni mle, sote tuliobaki. Hata Baba alilegeza mgongo. Mimi nimeishi na mdogo wangu miaka yote hiyo, nimempenda kila siku, na sikuwahi kumrudishia swali: wewe unadhani vipi? Kumbe usiku wote ule alikuwa anangoja kuulizwa.

Lakini sikumkubali siku hiyo, shemeji, usijisifu bado. Nilikukubali baadaye, na hukuwepo.

Tangu nilipotoka nyumbani, Neema alikuwa akinitumia ujumbe usiku, maneno mawili tu: "Dada, umelala?" Miaka na miaka, hakosi. Mwaka jana ujumbe ukaanza kupungua. Mara usiku mmoja haupo, mara wiki nzima. Nikaingiwa na wasiwasi, nikampigia. "Mdogo wangu, una nini? Mbona huniulizi siku hizi?"

Akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Huwa namuuliza Baraka. Huwa bado yuko macho."

Nikasema sawa, labda kijana ni wa kuchelewa kulala. Kisha kwenye maandalizi ya harusi hii nikakaa na mama yake Baraka, tunapanga majina ya wageni, akaniambia kitu kwa mshangao. Akasema mwanawe tangu utotoni, ikifika saa 3 usiku hana habari na dunia, maana saa 10 alfajiri huwa ameshaamka kwenda kazini. "Lakini siku hizi," akasema, "taa yake inawaka mpaka saa 6. Sijui ana nini."

Mama, sisi tunajua ana nini. Hapo ndipo nilipokukubali, Baraka. Watu wanampima mwanaume kwa mambo makubwa, na hayo nayo yana mahali pake. Mimi nina kipimo changu kimoja tu kwa mume wa mdogo wangu, na wewe ulikuwa umeshakifaulu usiku baada ya usiku, macho yanakuuma, alfajiri inakungoja, na bado unajibu "bado".

Endelea hivyo. Kuna usiku utakuwa umechoka kweli, na swali litakuwa la ajabu kweli, kitu cha chafya. Mjibu hata kwa kuguna. Usijifanye samaki, maana huyu hilo la macho wazi na macho yaliyofumba alishalimaliza darasani. Na ikitokea usiku hakuulizi, shemeji, hata kama ni juu ya jambo dogo mliloshindana mchana, usishukuru Mungu ukavuta shuka. Muulize wewe.

Neema, mdogo wangu. Nilikuwa nimeandika mengi kwa ajili yako na naona sitayamaliza, nikikutazama tu hapo nakwama. Asante kwa kunikosesha usingizi. Kitanda kile kilikuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja, ila sikujua mpaka ulipokuja. Kuanzia leo maswali ya usiku ni ya Baraka, nimeyakabidhi mbele ya mashahidi hawa wote, lakini mara mojamoja, akiwa amesafiri au kama swali lenyewe limemshinda, unajua namba yangu. Mimi bado huwa siweki simu mbali na mto.

Mshereheshaji ananipungia mkono, maana yake mwanga ulioondoka juani niliposhika kipaza sauti hiki ndio kwanza unafika duniani. Basi naomba tusimame wote, kila mmoja na glasi yake, chochote kilichomo. Baraka, shika mkono wa mke wako. Nitauliza swali moja, nanyi wageni wetu mtamsaidia bwana harusi kujibu, kwa sauti ambayo hata atakapokuwa mzee hatasema hakufundishwa.

Tuko tayari?

Kwa ajili ya Neema na Baraka, na usiku wao wote ujao:

Umelala?

Bado!

Sijasikia upande wa wakwe. Umelala?

Bado!

Tunywe.