SURA YA NNE: MATOKEO YA UTAFITI

4.1 Utangulizi

Sura hii inawasilisha matokeo ya hojaji kuhusu namna wanafunzi wa kidato cha tatu wanavyoutumia mrejesho wa insha zao. Majedwali yamepangwa kwa kufuata maswali matatu ya utafiti yaliyoainishwa katika Sura ya Kwanza. Maswali yote ya hojaji yalihusu insha ya mwisho ambayo mwanafunzi alikuwa amerudishiwa, kwa kuwa swali la "kwa kawaida hufanya nini" humvuta mtu kutaja analoona linapaswa kufanywa.

4.2 Watafitiwa

Hojaji 240 ziligawiwa katika shule nne na 212 zikarejeshwa. Nane kati ya hizo ziliondolewa kwa sababu zilijazwa ukurasa wa kwanza tu. Zilizochambuliwa ni 204, sawa na asilimia 85.0 ya zilizogawiwa.

Jedwali 4.1: Watafitiwa kwa shule na jinsi

| Shule | Wasichana | Wavulana | Jumla | Asilimia |
|---|---|---|---|---|
| A | 31 | 25 | 56 | 27.5 |
| B | 24 | 25 | 49 | 24.0 |
| C | 29 | 23 | 52 | 25.5 |
| D | 24 | 23 | 47 | 23.0 |
| Jumla | 108 | 96 | 204 | 100.0 |

Mgawanyo unakaribiana, hivyo hakuna shule moja iliyoyatawala majibu.

4.3 Swali la kwanza: Wanafunzi hupata mrejesho wa aina gani?

Jedwali 4.2: Aina za mrejesho katika insha ya mwisho (n = 204; mtafitiwa aliruhusiwa kuchagua zaidi ya moja)

| Aina ya mrejesho | Idadi | Asilimia |
|---|---|---|
| Maksi | 198 | 97.1 |
| Masahihisho ya tahajia na alama za uandishi | 171 | 83.8 |
| Neno la jumla la sifa au lawama | 133 | 65.2 |
| Maelezo kuhusu hoja na mpangilio | 62 | 30.4 |
| Ushauri wa namna ya kuiboresha insha | 47 | 23.0 |

Karibu kila mwanafunzi alipata maksi, na zaidi ya wanne kati ya watano walisahihishiwa tahajia. Chini ya mmoja kati ya wanne ndiye aliyeambiwa afanye nini ili insha yake iwe bora. Mrejesho mwingi, basi, unamwonyesha mwanafunzi alipokosea katika sentensi lakini haumfikishi kwenye hoja. Hii haina maana kwamba walimu hawajali: masahihisho ya tahajia kwenye kila ukurasa ni kazi ya saa nyingi. Suala ni mahali kazi hiyo inapoelekezwa.

4.4 Swali la pili: Wanafunzi hufanya nini baada ya kurudishiwa insha?

Jedwali 4.3: Hatua iliyochukuliwa (n = 204; jibu moja)

| Hatua | Idadi | Asilimia |
|---|---|---|
| Niliangalia maksi nikaiweka | 89 | 43.6 |
| Nilisoma maoni, sikufanya zaidi | 58 | 28.4 |
| Nilisahihisha makosa yaliyoonyeshwa | 34 | 16.7 |
| Nilimwuliza mwalimu au mwenzangu | 14 | 6.9 |
| Niliandika upya insha au sehemu yake | 9 | 4.4 |
| Jumla | 204 | 100.0 |

Safu mbili za kwanza zikijumlishwa, wanafunzi 147 (asilimia 72.1) hawakuishughulikia tena insha yao. Waliobaki 57 (asilimia 27.9) wanaitwa "waliochukua hatua" kuanzia hapa. Hata miongoni mwao, wengi waliishia kusahihisha kile kilichokwisha kupigiwa mstari, na tisa tu ndio walioandika upya. Idadi hii ndogo ni nzito kwa utafiti huu, kwa kuwa kuandika upya ndiko kunakomlazimisha mwanafunzi kuipima hoja yake mwenyewe.

Wale 147 waliombwa kutaja sababu moja kuu.

Jedwali 4.4: Sababu za kutochukua hatua (n = 147)

| Sababu | Idadi | Asilimia |
|---|---|---|
| Maksi zisingebadilika | 68 | 46.3 |
| Tulikuwa tumeshaingia mada nyingine | 39 | 26.5 |
| Sikuelewa maoni au alama za mwalimu | 27 | 18.4 |
| Sikuwa na muda, na sababu nyingine | 13 | 8.8 |
| Jumla | 147 | 100.0 |

Uvivu ndio maelezo yanayotolewa haraka kuhusu jambo hili, lakini jedwali haliungi mkono maelezo hayo. Sababu mbili za kwanza, zilizotajwa na wanafunzi 107, zinatokana na utaratibu wa kazi yenyewe: maksi zikishaandikwa insha imefungwa, na somo limesonga mbele. Mwanafunzi anayeiweka insha kando katika mazingira hayo anafuata utaratibu aliowekewa.

4.5 Swali la tatu: Je, muda na aina ya mrejesho vina uhusiano na hatua anayochukua mwanafunzi?

Jedwali 4.5: Muda wa kurudishiwa insha na hatua iliyochukuliwa

| Muda | Waliochukua hatua | Wasiochukua hatua | Jumla |
|---|---|---|---|
| Ndani ya wiki moja | 29 (47.5%) | 32 (52.5%) | 61 |
| Wiki ya pili hadi ya tatu | 20 (23.8%) | 64 (76.2%) | 84 |
| Baada ya wiki tatu | 8 (13.6%) | 51 (86.4%) | 59 |
| Jumla | 57 (27.9%) | 147 (72.1%) | 204 |

χ² = 18.41; df = 2; p < 0.001; V ya Cramér = 0.30

Uhusiano upo na nguvu yake ni ya wastani. Kadiri insha ilivyochelewa kurudi ndivyo idadi ya walioigusa tena ilivyopungua, na anguko kubwa zaidi limetokea mara tu baada ya wiki ya kwanza.

Kwa upande wa aina ya mrejesho, kati ya wanafunzi 47 waliopata ushauri wa kuboresha, 22 (asilimia 46.8) walichukua hatua. Kati ya 157 ambao hawakuupata, waliochukua hatua ni 35 (asilimia 22.3). Tofauti hii nayo si ya kubahatisha (χ² = 10.80; df = 1; p < 0.01). Hata hivyo, insha zenye ushauri zilirudi mapema mara nyingi zaidi kuliko nyingine, kwa hiyo ilibidi mambo hayo mawili yatazamwe pamoja.

Jedwali 4.6: Waliochukua hatua, kwa muda na ushauri

| Kundi | Jumla | Waliochukua hatua | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Ndani ya wiki moja, pamoja na ushauri | 24 | 15 | 62.5 |
| Ndani ya wiki moja, bila ushauri | 37 | 14 | 37.8 |
| Baada ya wiki moja, pamoja na ushauri | 23 | 7 | 30.4 |
| Baada ya wiki moja, bila ushauri | 120 | 21 | 17.5 |

Ushauri umeambatana na asilimia kubwa zaidi katika vipindi vyote viwili, hivyo mchango wake haukumezwa na muda. Lakini ushauri uliochelewa (asilimia 30.4) haukufikia hata insha zilizorudi mapema bila ushauri wowote (asilimia 37.8). Pengo hilo lisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa kundi la tatu lina wanafunzi 23 tu na jibu la mtu mmoja hubadilisha asilimia yake kwa zaidi ya 4. Aidha, data ni za wakati mmoja. Hazitoshi kuthibitisha kwamba ni muda wenyewe uliowafanya wanafunzi wachukue hatua, kwa sababu mwalimu anayerudisha insha mapema huenda pia ndiye anayetenga kipindi cha kuzijadili darasani. Hojaji haikuuliza kuhusu vipindi hivyo.