Barua za Korogwe, 1993

Mwaka 1993 nilikuwa kidato cha tatu Tanga mjini, yeye kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana Korogwe. Tulionana likizo. Kwingine kote mapenzi yetu yalikuwa karatasi.

Karatasi ilitolewa katikati ya daftari, penye pini. Ukichana pengine, karatasi iliyoungana nayo upande wa pili hulegea na kudondoka, na mwalimu akikagua ataihoji. Pini ziliinuliwa kwa ncha ya kisu, karatasi ikatoka nzima, zikalazwa tena: kurasa nne bila kovu. Kalamu ya Biki, bluu, kwa sababu nyekundu ilikuwa ya mwalimu. Manukato hayakugusa maandishi, maana spiriti yake huyeyusha wino, na neno “moyo” hugeuka doa. Ilitumika poda, kidogo tu kwenye mkunjo. Ikizidi, bahasha hutoa vumbi na kila anayeishika anajua iliyomo.

Shule yao nzima ilikuwa na sanduku moja la posta, na barua zilipita kwa mwalimu wa malezi. Hivyo nyuma ya bahasha aliandikwa binamu wa kike. Salama zaidi ilikuwa mkono kwa mkono, kwa mwanafunzi anayerudi shule, lakini njia hiyo ilifunguka muhula ukianza tu. Swali la Januari lilijibiwa Aprili, hali aliyeuliza ameshalisahau.

Kijana yule niliyekuwa aliandika kama walivyoandika wote: “Dhumuni la barua hii,” kisha nyota, mawimbi, usingizi uliopotea. Maneno aliyanakili kutoka daftari lililozunguka bwenini kwa wakubwa. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha mengine. Na kila alipokosea neno hakulikata, alianza ukurasa upya. Kazi hiyo haikuazimwa kwa mtu.

Majibu ya msichana yalikuwa nusu ukurasa, mwandiko mdogo, mistari ya kichwa imepigwa kwa rula. Mama amepona homa? Maharage ya wiki hii yana wadudu. Hisabati nimepata 61. Kijana alizipekua akitafuta neno “nakupenda”, akalikuta mara chache, akahuzunika. Ukizisoma leo, yeye ndiye aliyekuwa akiandika barua kwa mtu fulani hasa, ambaye hata homa ya mama yake aliijua. Hata hivyo nyota zile nazo hazikuwa uongo. Basi la Korogwe liliondoka kila siku na kijana hakulipanda. Nauli hakuwa nayo, na pengine alihofia msichana halisi angezungumzia maharage.

Hatukugombana. Mwaka 1994 mtihani wa kidato cha nne ulikaribia, kurasa zikapungua hadi moja. Katika barua yake ya mwisho alisema likizo atakuwa kwa shangazi yake Moshi, akatoa sanduku la posta. Anwani ilinakiliwa nyuma ya daftari la Jiografia, kwa uangalifu, tarakimu zote zikiwa sahihi, na barua haikuandikwa.