Laivu ya Jumamosi: khanga na vitenge kutoka Kariakoo

Wapendwa wangu, karibuni! Ukiingia nisalimie kwenye komenti nikuone. Niko dukani, Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

Tuanze na khanga, namba 4. Nasogeza kamera. Oneni pindo hili jeusi, limenyooka pande zote nne, mji umekaa katikati, na jina lake: "Mama ni mama". Pamba tupu. Naingiza mkono ndani, vidole havionekani. Si nyepesi hii. Ukiifua mara ya kwanza, loweka peke yake. Doti 13,000, ukichukua tano nakupa kwa 12,000 kila moja.

Kitenge namba 7, yadi 6, 25,000. Rangi imeingia mbele na nyuma. Gauni na kilemba vinatoka. Sikati nusu, jamani.

Umeipenda? Piga picha ya skrini, andika "yangu" na namba ya nguo, halafu njoo inboksi na jina na mahali ulipo. Nitakutumia lipa namba. Hakikisha jina la duka limetokea kabla hujabonyeza. Dar bodaboda analeta leo, mikoani natuma kwa basi kesho na risiti nakupigia picha.

Dada uliyeulizia ya kijani, ipo, zimebaki doti mbili. Nakushikia?