Utangulizi wa Diwani ya Shule: Kungoja

Mada ya mwaka huu ilipotangazwa, wanafunzi wengi waliguna. Walitarajia "Ziwa Letu" au "Amani". Kamati ikashikilia "Kungoja", kwa sababu hapa Kigoma tunangoja sana: treni, meli, giza la kuvulia, jua la kuanikia.

Mashairi 74 yaliletwa, tumechukua 18. Mengi ya yaliyoanguka yalikosea jambo moja: beti tatu nzuri, halafu ubeti wa nne unatangaza kwamba subira yavuta heri. Msomaji anaijua methali hiyo tangu darasa la kwanza. Tulitaka kumwona mtu akingoja, kama huyu wa Kidato cha Pili:

*Dagaa nimeanika, mchangani Kibirizi,*
*Wingu jeusi lafika, naacha na usingizi,*
*Turubai nalishika, nakimbia kama mwizi,*
*Jua lini litatoka, nangoja sina pumzi.*

Mizani 16 kila mshororo, vina vimetulia, na bado mtoto anakimbia kweli.

Kuhusu meli ya Liemba, mashairi yalikuwa mengi mno, na karibu yote yalikuwa somo la historia lililotiwa vina: ikaundwa Ujerumani, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924. Tumebakiza moja tu, la bibi anayetega sikio asikie honi, ambalo halina mwaka hata mmoja.

Lililotushangaza zaidi ni "Mbalamwezi". Washairi tangu zamani wanausifu mwezi. Binti huyu anaufukuza. Baba yake huvua dagaa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala ufukweni. Ndiyo maana anaimba:

*Ewe mwezi jifunike, taa zetu zitumike.*

Hilo tumeliweka ukurasa wa kwanza, bila mjadala.

Mjadala ulikuwa juu ya "Stesheni", kwa kuwa halina vina wala mizani:

*Treni itafika saa mbili.*
*Saa mbili ipi, hawasemi.*
*Mama ametandika khanga, ameketi,*
*anamenya chungwa taratibu*
*ili liishe nayo ifike.*

Mwenzetu mmoja alisema hiyo ni insha iliyokatwakatwa. Mimi nilimwomba aondoe neno moja tu bila kuliharibu. Alijaribu "taratibu", na chungwa likaisha kabla ya treni. Shairi likaingia. Hata hivyo hoja yake haikupotea: mashairi mengine manne yasiyo na vina tumeyakataa, kwani hayo kweli yalikuwa insha.

Mpangilio unafuata saa, si madarasa. Tunaanza usiku ziwani, tunapita alfajiri sokoni, mchana kwenye chanja za dagaa, na jioni stesheni. Mistari ya Kiha katika shairi la mwisho haikuguswa. Maana yake iko chini ya ukurasa huohuo.