Rasimu ya wiki yako, ya kupanguliwa upendavyo

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeupata: "Dada, nipangie wiki yangu, ianzie Jumatatu." Basi. Nimepiga mara mbili, simu haipatikani, nadhani umeme umekatika huko Mbagala au chaji imekwisha. Sitaki Jumatatu ikukute mikono mitupu, kwa hiyo nimepanga kwa kukisia. Soma ukijua hivyo, na pale nilipokosea futa bila kuniomba ruhusa.

Nimekisia mambo matatu. Kwanza, bado uko kwenye lile duka la vifaa vya shule Kariakoo: Jumatatu hadi Ijumaa unaingia saa 2:00 asubuhi, unatoka saa 11:00 jioni, na Jumamosi mnafunga saa 7:00 mchana. Pili, lile ulilosema Pasaka, la kurudia Hisabati ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, bado liko moyoni. Tatu, hujaahidi mtu jioni yako yoyote.

Kabla ya ratiba, tazama saa zenyewe, maana najua utaniambia "muda sina" na nataka tujue ni muda gani hasa. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa nane kila siku ni saa 56, na hapo sikubali kupunguza, nakujua ukikosa usingizi. Dukani saa 50 pamoja na mapumziko ya mchana. Daladala kwenda na kurudi, na foleni ya Barabara ya Kilwa, nimeweka saa tatu kwa siku, siku sita, ni 18. Kuoga, kupika, kula, kuchota maji na kufagia saa tatu kila siku, ni 21. Zinabaki saa 23, lakini usizifurahie haraka: siku ya kazi zinakuangukia saa moja tu, Jumamosi tano, na nyingine zote 13 ni za Jumapili. Ndiyo maana ukijaribu kusoma saa tatu kila usiku unashindwa. Si uvivu, hizo saa hazipo.

Nimepanga 12 tu kati ya hizo 23. Kumi na moja nimeziacha wazi makusudi. Kuna msiba, kuna mgeni, kuna mtoto wa jirani kuugua, kuna siku daladala linaharibika Mtoni. Ratiba isiyo na nafasi ya mambo hayo haifiki Jumatano.

Siku za kazi: amka saa 11:00 alfajiri, toka saa 12:30. Jioni ukifika saa 12:30, pumzika, pika, ule. Kuanzia saa 1:45 hadi saa 2:45 usiku ndiyo ile saa moja yako. Saa 3:00 ulale.

Jumatatu – Hisabati. Anza na mada unayoiweza, ili ukae mezani bila woga.
Jumanne – Hisabati, mada ileile. Usihamie nyingine.
Jumatano – wazi. Hapo ndipo tunapopangua: kilichoanguka Jumatatu au Jumanne kinaingia hapa. Kama hakuna kilichoanguka, pumzika.
Alhamisi – Hisabati, mada unayoiogopa. Sasa umeshapata joto.
Ijumaa – wazi. Mpigie mama.
Jumamosi – ukirudi saa 8:30 mchana, kula, lala kidogo kama mwili unataka. Saa 10:00 hadi 12:00 jioni, maswali ya mitihani iliyopita. Hapa ndipo pana uzito wote wa wiki.
Jumapili – ibada ya asubuhi pamoja na kwenda na kurudi, saa tatu. Kufua na kupiga pasi, mbili. Saa 10:00 hadi 12:00 jioni kusahihisha ulichokosea Jumamosi. Muda uliobaki ni wako, na usione haya kuutumia kwa kukaa tu na wenzako barazani.

Ukijumlisha, Hisabati imepata saa saba. Zinatosha kwa kuanzia. Karatasi yenyewe ya mtihani ni ya saa tatu, kwa hiyo baadaye, ukizoea, Jumapili moja moja tutageuza jioni iwe mtihani kamili wa saa tatu bila kusimama. Si wiki hii.

Sitegemei usome ndani ya daladala. Ukipata kiti, pitia kanuni, heri. Lakini nisingependa uhesabu muda wa kusimama umebanwa mlangoni kuwa muda wa masomo, halafu jioni ujione umedaiwa.

Sasa namna ya kuipangua, maana hilo ndilo muhimu kwangu kuliko saa nilizoandika. Wiki ikikubana, acha kwa mpangilio huu: kwanza Alhamisi, kisha Jumanne, kisha Jumapili jioni. Jumatatu na Jumamosi zishikilie mpaka mwisho. Na kila kipindi kina toleo lake fupi: maswali matatu, dakika ishirini, funga daftari. Ukirudi umechoka kiasi cha kutoona mbele, fanya hayo matatu ulale. Siku iliyopotea kabisa usiirundike juu ya kesho yake. Ina Jumatano, na kama Jumatano imepita, basi imepita.

Kama nimekisia vibaya, badilisha hivi. Kazi ya dukani ikiwa imesimama, usijaze siku nzima masomo, utachoka kwa siku mbili. Soma saa 3:00 hadi 5:00 asubuhi, kisha toka ukatafute kazi. Jioni iache kama ilivyo. Wakikuhamishia zamu ya kuingia mchana, hamishia ile saa ya usiku asubuhi, mara baada ya chai, kabla hujashika kazi nyingine. Na kama Hisabati umeiacha na sasa unawaza cherehani, sitakulaumu hata kidogo. Vipindi vibaki palepale, kilichomo ndani tu kibadilike: jioni za wiki kukata na kushona vipande vya mazoezi, Jumamosi, kwa kuwa tayari uko Kariakoo, pitia kuuliza bei za vitambaa na uzi kabla ya kupanda gari, Jumapili uandike hesabu ya mtaji. Ila chagua moja. Ukiniambia vyote viwili kwa wiki ya kwanza, nitakuombea saa ambazo hazipo.

Jumamosi hii ikiwa ndiyo ya mwisho wa mwezi, kumbuka asubuhi kuna usafi. Muulize mwenye duka mnafungua saa ngapi, isije ukawahi bure.

Simu ikipata chaji nijibu matatu tu, hata kwa ufupi: unatoka kazini saa ngapi kweli, jambo gani moja ungependa liwe limesogea ifikapo Jumapili, na siku gani tayari ina mwenyewe, iwe kwaya, kikoba au kikao cha harusi. Usipojibu, ianze hivyo hivyo Jumatatu. Jumatano saa 2:00 usiku nitakupigia, tuangalie kilichokubali na kilichokataa, tupange upya kuanzia Alhamisi.

Dada yako.